Jedwali la mapitio ya maandiko: pale tafiti mbili za ziwa moja zinapoonekana kupingana

Msimamizi akirudisha sura ya pili ya tasnifu ameandika pembeni "weka jedwali la mapitio", wanafunzi wengi hapa Mwanza huelewa kwamba wameambiwa wapange makala zao kwenye mistari. Wanafungua Excel, wanaandika mwandishi, mwaka, lengo, sampuli, mbinu na matokeo, kisha wananakili muhtasari wa kila PDF kipande kwa kipande mpaka nafasi zote zijae. Wiki mbili baadaye jedwali linarudi na neno jipya pembeni: "Hii ni orodha." Ndipo kwenye magrupu ya WhatsApp ya uzamili swali linapozuka: orodha na jedwali la mapitio vinatofautianaje, ikiwa vyote vina mistari na vichwa vilevile?

Tofauti iko kwenye namna ya kusoma. Orodha husomwa kwa kukata mlalo: utafiti huu ulifanya hivi, unaofuata ulifanya vile. Jedwali la mapitio hujengwa ili lisomwe kwa kushuka. Unaingia kwenye safuwima ya sampuli, unateremka kutoka utafiti wa kwanza hadi wa mwisho, na unaona nani alipimwa wapi na wapi hakupimwa. Ukishindwa kuteremka hivyo kwa sababu kila kisanduku kimeandikwa kwa kipimo chake, basi hata kama una makala 60, bado una orodha.

Tuweke maana za vichwa vyenyewe kwanza. Lengo ni swali ambalo watafiti walitaka kulijibu. Sampuli ni nani au nini kilichopimwa, wangapi, na walipatikanaje. Mbinu ni kile kilichofanyika: nani alipewa nini, alilinganishwa na nani, kwa muda gani, na kipimo kilikuwa kipi. Matokeo ni kile kilichoonekana kwenye vipimo, kabla mwandishi hajaanza kukitolea maelezo. Maana hizi zinaonekana nyepesi, lakini ugumu hujitokeza pale PDF ya kwanza inapofunguliwa, kwa sababu hakuna mwandishi aliyeandika makala yake kwa kufuata visanduku vyako.

Njia nzuri ya kuona ugumu huo ni kuchukua tafiti zenye majina makubwa kwenye kanda hii hii ya ziwa. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika vijijini mkoani Mwanza, likiuliza kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Jibu lilikuwa ndiyo, tena kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1999 jarida hilohilo likachapisha jaribio la wilaya ya Rakai, upande wa Uganda, lililouliza jambo linalofanana na hilo. Jibu lilikuwa hapana. Mwanafunzi wa afya ya jamii akizikuta zote mbili, kwa kawaida huandika sentensi moja ya "tafiti zinatofautiana" na kusonga mbele. Jedwali zuri halimruhusu kupita kirahisi hivyo.

Kabla ya kujaza: mafaili yenyewe

Sehemu hii ni fupi lakini ikirukwa inagharimu. PDF zilizopakuliwa huja na majina kama `1-s2.0-S0140...-main.pdf`, na ukiwa nazo arobaini kwenye folda moja hutajua ipi ni ipi. Zipe majina yanayopangika, mwaka ukianza, kisha mwandishi wa kwanza, kisha mahali:

```
1995_Grosskurth_Mwanza.pdf
1999_Wawer_Rakai.pdf
2003_Kamali_Masaka.pdf
```

Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, inaweza kusoma PDF nyingi na kujaza jina la makala na mwaka yenyewe, na pia itakuonyesha nakala zilizojirudia. Kwa makala za zamani hakikisha mwenyewe ilichojaza, maana hapo hukosea.

Kisha jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya ndani ya kila PDF. Likikataa kuchaguliwa, hiyo ni picha ya ukurasa, na kutafuta kwa `Ctrl+F` hakutakuletea chochote. Makala nyingi za miaka ya 1990 na kurudi nyuma ziko hivyo. Kuna programu za kuitambua picha na kuiwekea maandishi. Mojawapo ya bure ni hii:

```
ocrmypdf 1995_Grosskurth_Mwanza.pdf 1995_Grosskurth_Mwanza_ocr.pdf
```

Ila tahadhari moja, na hii imewatesa wengi. Lancet huchapa desimali kwa nukta ya katikati, yaani 0·58 badala ya 0.58. Ukitafuta "0.58" ndani ya PDF hupati kitu, na unaweza kudhani namba haimo. Programu ya kutambua picha nayo inaweza kuigeuza nukta hiyo kuwa kistari, au kuimeza kabisa ukabaki na 058. Kwa hiyo namba ya matokeo hainakiliwi na kubandikwa bila kuitazama. Inasomwa kwa macho kwenye ukurasa wenyewe, inaandikwa kwa mkono, na pembeni yake unaweka namba ya ukurasa uliochapwa. Ule unaoonyeshwa na kompyuta haufai: ukurasa wa kwanza wa makala ya Mwanza ni wa 530 kwenye jarida, ingawa kompyuta itakuambia ni wa 1.

Excel nayo ina tabia yake. Ukiandika umri wa watoto "5-12" inaugeuza kuwa tarehe bila kukuuliza. Chagua safuwima zote uziweke kuwa `Text` kabla ya kuandika chochote.

Sampuli si namba moja

Hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Imani iliyoenea ni kwamba kila utafiti una "n" yake, ukishaipata umemaliza. Sasa fungua makala ya Mwanza. Utakuta watu 12,537 walioandikishwa, wenye umri wa miaka 15 hadi 54. Utakuta pia 8,845, ambao ni asilimia 71 ya wale wa kwanza, walioonekana tena miaka miwili baadaye. Ukifika kwenye matokeo unakuta namba nyingine mbili, 4,149 na 4,400, ambao ni watu waliokuwa hawana VVU mwanzoni katika makundi mawili yaliyolinganishwa. Na kabla ya zote hizo kuna namba ndogo ambayo wengi wanairuka: jamii 12, jozi sita, kila jozi ikiwa na jamii moja iliyopata huduma iliyoboreshwa na nyingine ya kulinganisha nayo.

Ipi basi iandikwe? Jibu linategemea swali ambalo kisanduku kinajibu. Matokeo ya VVU yalihesabiwa kwa wale 4,149 na 4,400, kwa hiyo hao ndio lazima wawepo. Pengo kati ya 12,537 na 8,845 linakuambia kwamba karibu watu watatu katika kumi hawakuonekana tena, na msomaji anayetaka kupima uzito wa utafiti anahitaji kulijua hilo. Jamii 12 nazo ndizo zilizogawanywa kwenye makundi. Mtu mmoja mmoja hakugawanywa. Hili la mwisho lina maana kubwa kitakwimu: watu wa kijiji kimoja wanafanana, wanatumia zahanati moja, kwa hiyo watu elfu moja wa kijiji kimoja hawabebi taarifa sawa na watu elfu moja waliookotwa mmoja mmoja kila kona ya mkoa. Anayeandika "n = 12,537" peke yake anaufanya utafiti uonekane na nguvu kuliko ilivyo.

Rakai sasa. Makala inataja watu 6,602 kwenye kundi la afua na 6,124 kwenye kundi linganishi, umri miaka 15 hadi 59, wakitoka kwenye makundi kumi ya vijiji. Ukijumlisha unapata 12,726. Iweke kando ya 12,537 ya Mwanza na jedwali lako linapendeza sana: tafiti mbili zenye ukubwa ule ule. Lakini hizo namba si ndugu. Ile ya Mwanza ni ya kila aliyeandikishwa, mwenye VVU na asiye nayo. Ile ya Rakai ni ya wasio na VVU peke yao, na ni takriban robo tatu yao waliotoa angalau sampuli moja ya ufuatiliaji. Zinakaribiana kwa bahati tu.

Ni sawa na kulinganisha bei za dagaa pale Kirumba Mwaloni huku mmoja akikutajia bei ya gunia na mwingine ya debe. Huwezi kusema nani anauza ghali mpaka wote wawili wamekuja kwenye kilo.

Kwa hiyo kisanduku cha sampuli kinahitaji vitu vinne, na mimi huviandika kwa mpangilio usiobadilika kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho: kilichogawanywa au kuchaguliwa (jamii, shule, kaya, mtu), walioandikishwa, waliochambuliwa kwa tokeo ninalolifuatilia, na sifa moja ya msingi inayohusu swali langu. Kwa tafiti hizi mbili sifa hiyo ni kiwango cha VVU mwanzoni. Mwanza kilikuwa asilimia 3.8 kwenye kundi la afua na 4.4 kwenye kundi linganishi. Rakai kilikuwa asilimia 15.9. Shika namba hizo, tutazihitaji.

Makala isipotaja kitu, andika "haikutajwa". Kisanduku kitupu kiachie maana moja tu: bado sijasoma. Ukichanganya hivyo viwili, baada ya mwezi hutakumbuka kipi ni kipi na utaanza kufungua PDF upya.

"Utafiti wa kiasi" hauelezi mbinu

Kwenye safuwima ya mbinu, neno linaloonekana zaidi kwenye majedwali ya wanafunzi ni "utafiti wa kiasi" au "dodoso". Ukiteremka safuwima yenye "utafiti wa kiasi" mara ishirini, umejifunza nini? Hakuna.

Mwanza na Rakai zote zilikuwa majaribio ya jamii. Zote zilipima damu. Zote zilihusu magonjwa ya zinaa na VVU. Ukiishia hapo, matokeo yao yanayopingana yanabaki kama kitendawili. Teremka hatua moja zaidi kwenye sehemu ya mbinu ya kila makala na mambo yanabadilika.

Mwanza walichofanya ni kuimarisha zahanati na vituo vya afya vilivyokuwepo. Wahudumu walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa zipo, wasimamizi wakawa wanapita mara kwa mara, na wananchi wakaelimishwa waende kutibiwa wakiona dalili. Matibabu yalikuwepo muda wote, lakini yalimfikia aliyejisikia mgonjwa na kwenda kituoni.

Rakai walikwenda nyumbani. Kila mtu aliyekubali, awe na dalili au asiwe nazo, alipewa antibiotiki za pamoja, na timu ilirudi kila baada ya miezi kumi. Kundi linganishi lilipewa vitamini na dawa ya minyoo. Matibabu yalimfikia kila mtu, lakini kwa vipindi. Aliyeambukizwa ugonjwa wa zinaa mwezi wa pili baada ya ziara angesubiri hadi ziara inayofuata, au ajitafutie matibabu mwenyewe.

Kwa hiyo hizo ni afua mbili tofauti, na swali lao nalo ni tofauti. Hapa inabidi urudi kwenye safuwima ya lengo uisahihishe, maana ukiwa umeandika "kuchunguza athari ya matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa maambukizi ya VVU" kwenye mistari yote miwili, umefuta tofauti ambayo ndiyo habari yenyewe. Lengo la Mwanza ni kujua kama kuboresha huduma vituoni kunapunguza VVU. Lengo la Rakai ni kujua kama kutibu jamii nzima majumbani kunapunguza VVU. Lengo sahihi hulipati kwenye kichwa cha makala. Mara nyingi liko kwenye aya ya mwisho ya utangulizi, na mara nyingine unaligundua vizuri baada ya kusoma mbinu.

Ndiyo maana sishauri kujaza makala arobaini kwa mkupuo. Chukua tatu zinazotofautiana kadiri inavyowezekana, zijaze, kisha uteremke kila safuwima. Safuwima inayotoa neno lilelile mara tatu haitoshi, igawanye. Kwa mfano huu ningeigawanya mbinu iwe mbili: "nani alipewa nini" na "alilinganishwa na kupimwaje". Ni rahisi kufanya hivyo ukiwa na mistari mitatu. Ukiwa nayo arobaini ni kilio.

Matokeo: usinakili hitimisho

Makala ya Mwanza inahitimisha kwamba huduma bora zilipunguza maambukizi mapya kwa takriban asilimia 40. Hiyo ndiyo sentensi inayonakiliwa na kila mtu, na si uongo. Ila ni hitimisho. Matokeo yenyewe ni kwamba kwa miaka miwili watu 48 kati ya 4,149 waliambukizwa kwenye kundi la afua, yaani asilimia 1.2, na 82 kati ya 4,400 kwenye kundi linganishi, yaani asilimia 1.9. Baada ya kuzingatia mgawanyo wa jamii na tofauti nyingine, uwiano wa hatari ulikuwa 0.58, na wigo wa uhakika wa asilimia 95 ulikuwa kati ya 0.42 na 0.79.

Kwa lugha nyepesi, uwiano wa hatari wa 1 maana yake makundi yako sawa. 0.58 maana yake hatari ya kundi la afua ni asilimia 58 ya ile ya wenzao, yaani imepungua kwa 42. Wigo unakuambia data hiyo inaendana na upungufu mdogo wa asilimia 21 hadi mkubwa wa 58. Ona jinsi "asilimia 40" inavyoficha mambo mawili: kwamba makisio yana upana, na kwamba kwa hesabu ya kutoa, tofauti kati ya makundi ni watu saba katika kila elfu moja kwa miaka miwili. Vyote ni kweli kwa pamoja. Kisanduku chako kinatakiwa kibebe idadi, uwiano na wigo, kisha msomaji aamue.

Rakai inaripoti maambukizi mapya 1.5 kwenye makundi yote mawili, uwiano 0.97, wigo 0.81 hadi 1.16. Na hapa kuna mtego ambao nadhani ndio mbaya kuliko yote kwenye kazi hii. Ukiandika "1.2%" kwenye mstari wa Mwanza na "1.5" chini yake kwenye mstari wa Rakai, kila atakayeteremka safuwima ataona hali zinazokaribiana. Lakini 1.2 ya Mwanza ni asilimia ya watu kwa miaka miwili. 1.5 ya Rakai ni kwa kila watu 100 wanaofuatiliwa mwaka mmoja. Ukitaka kuzileta pamoja kwa makadirio, gawanya ya Mwanza kwa mbili: inakuwa karibu 0.6 kwenye kundi la afua na 0.9 hivi kwenye kundi linganishi kwa mwaka. Kumbe Rakai maambukizi mapya yalikuwa yakienda kwa kasi kubwa zaidi. Usifute namba ya asili uliyoikuta. Iache kama ilivyochapwa, weka kipimo chake, kisha ongeza makadirio yako kwenye safuwima yako tofauti ili ijulikane ni hesabu yako.

Jambo lingine dogo la Rakai ambalo jedwali la haraka hulipoteza: baadhi ya magonjwa ya zinaa yenyewe yalipungua. Kaswende na trikomonasi zilikuwa chini kwenye kundi la afua. Kwa hiyo "afua haikufanya kazi" ni usemi mpana mno. Ilifanya kazi kwa baadhi ya magonjwa, na haikuonekana kubadilisha VVU.

Mistari miwili ikikamilika inaonekana hivi, namba za kurasa nikiziacha kando kwa ajili ya nafasi:

| Utafiti | Lengo | Sampuli | Mbinu | Matokeo (VVU) |
|---|---|---|---|---|
| Mwanza 1995 | Je, huduma bora za magonjwa ya zinaa vituoni zinapunguza VVU? | Jamii 12 (jozi 6). Walioandikishwa 12,537, umri 15–54. Waliochambuliwa 4,149 na 4,400. VVU mwanzoni 3.8% na 4.4% | Matibabu kwa dalili vituoni, muda wote, ufuatiliaji miaka 2 | 48/4,149 (1.2%) dhidi ya 82/4,400 (1.9%) kwa miaka 2, uwiano 0.58 (0.42–0.79) |
| Rakai 1999 | Je, kutibu jamii nzima nyumbani kunapunguza VVU? | Makundi 10 ya vijiji. Wasio na VVU 6,602 na 6,124, umri 15–59. Waliotoa sampuli ya ufuatiliaji 75.0% na 72.6%, VVU mwanzoni 15.9% | Antibiotiki kwa wote nyumbani kila miezi 10; linganishi: vitamini na dawa ya minyoo | 1.5 kwa kila 100 kwa mwaka, makundi yote, uwiano 0.97 (0.81–1.16) |

PDF tatu, utafiti mmoja

Wengine huamini kwamba mistari mingi ndiyo mapitio bora. Jaribio la Mwanza halikutoa makala moja. Mwaka 1997 ilitoka ya gharama za afua hiyo, na nyingine ya athari zake kwa magonjwa ya zinaa yenyewe. Ukizipa kila moja mstari wake kama tafiti zinazojitegemea, utaandika kwenye tasnifu kwamba "tafiti tatu za Mwanza zimeonyesha mafanikio", wakati jaribio ni moja na jamii ni zile zile kumi na mbili. Mstari mmoja ni wa utafiti mmoja, hata kama una PDF tano. Utautambua kwa mahali, miaka ya kukusanya data, idadi ya jamii au watu inayojirudia, na majina ya waandishi yanayorudi. Weka safuwima ndogo ya kutaja mafaili yote yanayouhusu.

Na muhtasari? Unasaidia kuamua makala iingie au isiingie. Kwa kujaza visanduku hautoshi, kwa sababu jinsi wahudumu walivyosimamiwa, au kwa nini watu hawakuonekana tena, humo hamna nafasi. Ukiwa na mwenzako, mpe makala tano azijaze bila kuona zako. Mkitofautiana kwenye sampuli, mara nyingi hakuna aliyekosea kusoma: mmechagua namba tofauti, na kanuni yenu ya kisanduku hicho haijaeleweka.

Kuteremka sasa

Shuka safuwima ya sampuli: VVU mwanzoni karibu asilimia 4, kisha karibu 16. Shuka mbinu: vituoni muda wote, kisha nyumbani kwa vipindi. Moja ya hoja zilizojadiliwa sana baada ya 1999 ni kwamba mahali ambapo VVU bado ni vichache, maambukizi hutegemea zaidi magonjwa ya zinaa yanayotibika, na vikishasambaa utegemezi huo hupungua. Jedwali lako linaonyesha kwamba hoja hiyo inawezekana. Haliwezi kuithibitisha, kwa sababu kati ya mistari hii miwili vitu viwili vimebadilika kwa wakati mmoja, mazingira na afua, na huwezi kujua kipi kimeleta tofauti.

Hapo ndipo jedwali linapokuambia utafute mstari wa aina gani: afua kama ya Mwanza, mazingira kama ya Rakai. Upo. Jaribio la Masaka, Uganda, lililochapwa 2003, lilikuwa na jamii 18 na makundi matatu. Moja lilipata elimu ya tabia, moja elimu pamoja na matibabu bora ya magonjwa ya zinaa, moja likawa la kulinganisha. Kundi lililopata vyote viwili, uwiano wa VVU ukawa 1.00.

Anayesoma namba hiyo peke yake ataandika kwamba Masaka imeikanusha Mwanza. Anayesoma kisanduku kizima ataona wigo: 0.63 hadi 1.58. Wa Mwanza ulikuwa 0.42 hadi 0.79. Kati ya 0.63 na 0.79 zinapishana. Kwa hiyo kinachoweza kuandikwa kwenye sura ya pili ni kwamba Masaka haikuonyesha upungufu, na kwamba makisio yake ni mapana kiasi cha kutoweza kuondoa uwezekano wa upungufu wa theluthi moja hivi.